Roboti Iliyokariri Miaka Mitatu

Mstari wa salio ulianzia dola 500 upande wa kushoto wa skrini na kuishia dola 1,650 upande wa kulia. Katikati kulikuwa na mabonde madogo madogo, hakuna lililotisha. Mwanafunzi aliyenishikia kompyuta yake mlangoni pa ofisi alikuwa mwaka wa tatu, mwenye akili ya hesabu na adabu ya nyumbani. "Shikamoo mwalimu, naomba dakika tano tu," alisema. Ilikuwa Machi 2023, hapa Dar es Salaam. Alikuwa ameandika roboti ya kununua na kuuza euro kwa dola, akaijaribu kwa bei za kuanzia Januari 2020 hadi Desemba 2022, na sasa alitaka kuipa fedha halisi.

Nilimuuliza dalali wake ni nani, spredi ni kiasi gani, na kama fedha hizo angeweza kuzikosa bila kuumia. Alijibu vizuri. Swali moja sikumuuliza, nalo ndilo lililokuwa na maana kuliko yote: kabla ya kuupata mpangilio huu, umejaribu mingapi? Nimefundisha takwimu kwa miaka mingi na najua uzito wa swali hilo. Siku ile niliutazama mstari kama alivyoutazama yeye, na mstari ulikuwa mzuri.

Alirudi Septemba. Akaunti ilikuwa na dola 179. Sehemu ya fedha zilizopotea ilikuwa akiba yake ya masomo, na sehemu alipewa na kaka yake. Hakuja kulalamika. Alitaka kujua kilichotokea, kwa sababu kila alichofundishwa mtandaoni kuhusu uangalifu alikuwa amekifanya. Tulikaa mchana mzima tukiifungua kazi yake hatua kwa hatua. Naieleza hapa kwa ruhusa yake, bila jina, kwa kuwa kosa lake si la uzembe. Ni kosa linalowapata watu makini, na umakini wenyewe ndio unaolificha.

Roboti yake ilifanya kazi hivi. Kwenye chati ya saa moja moja ilipima wastani wa bei wa aina mbili, mmoja wa kasi unaotumia saa chache zilizopita, na mwingine wa polepole unaotumia saa nyingi. Ule wa kasi ukivuka juu ya ule wa polepole, roboti ilijiandaa kununua. Ukivuka chini, ilijiandaa kuuza. Haikuingia papo hapo. Ilisubiri dirisha fulani la saa nne lifunguke katika siku, kisha ikaingia mara moja tu kwa kila mvuko. Ikishaingia, ilifunga biashara bei ikienda vibaya kwa pipu kadhaa, yaani kikomo cha hasara, au ikienda vizuri kwa pipu kadhaa, yaani lengo la faida. Pipu, kwa asiyezoea, ni tarakimu ya nne baada ya nukta: euro ikitoka 1.0900 kwenda 1.0901 imesogea pipu moja.

Wazo hili ni la kawaida na halina ubaya. Tatizo lilianza pale alipolazimika kuchagua namba. Wastani wa kasi uwe wa saa ngapi? Wa polepole je? Kikomo kiwe wapi, lengo liwe wapi, dirisha lifunguke saa ngapi? Programu ya MetaTrader 5 ina sehemu iitwayo `Strategy Tester`, na ndani yake `Optimization`, ambayo hukuondolea kazi ya kuchagua. Unaitajia mipaka ya kila namba, nayo inajaribu michanganyiko yake na kukupangia kuanzia iliyoleta faida kubwa. Aliupa wastani wa kasi namba 10 za kujaribiwa, wa polepole 8, kikomo cha hasara 5, lengo la faida 5, na saa ya kuanza dirisha 6. Zidisha: 10 × 8 × 5 × 5 × 6 ni michanganyiko 12,000. Alichagua `Slow complete algorithm`, inayopitia yote bila kuruka, akaiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha.

Asubuhi, juu kabisa ya jedwali, palikuwa na mchanganyiko huu: wastani wa kasi wa saa 35, wa polepole wa saa 140, kikomo pipu 30, lengo pipu 80, dirisha kuanzia saa 0 ya seva. Biashara 180 kwa miaka mitatu. Zilizoshinda 70, zilizoshindwa 110. Mara 70 kwa pipu 80 ni pipu 5,600. Mara 110 kwa pipu 30 ni pipu 3,300. Zinabaki pipu 2,300. Kwa ukubwa wa loti 0.05, ambapo kila pipu ni senti 50 za dola, hiyo ni dola 1,150. Ndiyo iliyopandisha mstari kutoka 500 hadi 1,650.

Sasa tuitazame namba 70 kwa utulivu, maana yote yamo humo.

Tuseme roboti haina ujuzi wowote. Inaingia popote, kama mtu anayerusha shilingi hewani. Bei isiyo na mwelekeo, ikiwa na pipu 30 za kwenda hadi kwenye hasara na pipu 80 hadi kwenye faida, itagusa upande wa karibu mara nyingi zaidi. Uwezekano wa kufika kwenye faida kwanza ni 30 kugawanya kwa 110, yaani asilimia 27 na kidogo. Katika biashara 180, roboti isiyojua kitu hutarajiwa kushinda mara 49 hivi na kurudi sifuri, kabla ya gharama. Kuyumba kwa kawaida kuzunguka namba hiyo ni ushindi 6 juu au chini. Kwa hiyo 70 iko mbali sana juu ya 49. Roboti moja isiyo na ujuzi ikijaribiwa mara moja tu, itafikisha 70 au zaidi mara moja katika kila mara 2,000 hivi.

Mtu akisimama hapo, ana haki ya kufurahi. Nafasi moja katika elfu mbili si ya kubeza, na jarida lolote la sayansi lingeichukulia kwa uzito. Lakini mwanafunzi wangu hakujaribu roboti moja. Alijaribu 12,000 kisha akaniletea iliyoshinda. Katika roboti 12,000 zisizojua kitu, tunategemea sita hivi zifikishe 70 au zaidi, kwa bahati peke yake. Nilimwonyesha kwa mistari mitano:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng()
ushindi = rng.binomial(180, 30 / 110, size=12000)
bora = ushindi.max()
print(bora, (bora * 80 - (180 - bora) * 30) * 0.5)
```

Mistari hii inaunda wacheza kamari 12,000, kila mmoja na biashara zake 180, wote bila ujuzi. Inachagua aliyebahatika kuliko wote na kuandika ushindi wake na faida yake kwa dola. Aliiendesha mwenyewe mara kumi. Namba ilikuja 73, 74, 72, 75, na nyingine za jirani. Faida ikazunguka dola 1,300. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo yangu ni mbaya kuliko bahati tupu."

Hapo nilimsahihisha, kwa kuwa haki ni kwa pande zote. Michanganyiko yake 12,000 si watu 12,000 wasiojuana. Wastani wa saa 35 na wastani wa saa 40 huona karibu mambo yale yale na huingia sokoni karibu pamoja. Ni ndugu wa tumbo moja. Ukitaka kuhesabu majaribio yaliyo huru kweli, utapata pungufu sana ya 12,000, labda mamia. Kwa majaribio mia kadhaa, bora wa bahati hufikisha ushindi 66 au 67 hivi badala ya 74. Kwa hiyo 70 yake haikuwa chini ya bahati, ila haikuwa mbali nayo. Tena huo haukuwa utafutaji wake pekee, na hilo ndilo linalotupeleka kwenye sehemu iliyoniuma zaidi.

Alijua kwamba mpangilio unaweza kukariri. Neno hilo ni lake, nami nimelichukua, kwa kuwa kila aliyepita shule zetu analielewa: kuna anayejua hesabu, na kuna aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Ili kujikinga, alitumia kipengele cha `Forward`. Ukichagua 1/4, programu inatafuta mpangilio bora kwa robo tatu za mwanzo za kipindi, kisha inaujaribu kwa robo ya mwisho ambayo haikuiona. Kwake robo tatu ziliishia Machi 2022, na robo ya mtihani ilikuwa Aprili hadi Desemba 2022. Hivi ndivyo vitabu vinavyoelekeza. Ndiyo maana aliniambia alifanya kila kitu.

Nikamuuliza: mara ya kwanza ulipoijaribu kwenye robo ya mwisho, ilishinda? Akasema hapana, ilipata hasara. Ukafanyaje? Akabadilisha kanuni kidogo, akatafuta upya, akaitazama tena. Hasara tena. Akabadilisha tena. Tulifungua faili zake zote na kuzihesabu. Kanuni zilizofaulu zilikuwa za mzunguko wa kumi na nne, na utafutaji wa mwisho wa kanuni hizo kwa miaka yote mitatu ndio uliotoa ule mstari mzuri.

Ukitaka kujua uzito wa mizunguko kumi na minne, fikiria kwamba roboti isiyo na ujuzi ina nafasi moja katika kumi ya kung'ara katika miezi tisa ile. Mzunguko mmoja ukifaulu, ni habari ya kutia moyo. Ukiruhusu mizunguko 14, nafasi ya kuona angalau mmoja uking'ara ni asilimia 77. Mtihani haujabadilika, karatasi ni ile ile, lakini mtahiniwa ameruhusiwa kurudia hadi afaulu, na ni karatasi ya mwisho pekee iliyobandikwa ukutani.

Kuna jambo la ndani zaidi ya hesabu hiyo, nalo programu haiwezi kulizuia. Katika mizunguko ya awali roboti yake ilikuwa na kichujio: isiuze ikiwa bei tayari iko chini kuliko bei zote za siku 100 zilizopita. Kanuni ya busara, ya kuepuka kuuza kitu kilichokwisha kushuka. Katika mzunguko wa kumi na nne aliiondoa. Kwa nini? Alifikiri kidogo, akajibu kwa unyoofu: kwa sababu aliona kwenye chati kwamba mwaka 2022 kichujio kilimzuia kuuza wakati euro inaanguka.

Na kweli ilianguka. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, wakati ile ya Ulaya ilisubiri hadi Julai. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya gesi Ulaya. Julai mwaka huo euro ilifika sawa na dola kwa mara ya kwanza tangu 2002, na mwishoni mwa Septemba ilishuka hadi karibu dola 0.95. Kutoka mwanzo wa Aprili hadi hapo ni zaidi ya pipu 1,400, karibu zote upande mmoja. Kipindi alichokitenga kama mtihani ndicho kilichobeba mporomoko huo, na roboti yoyote iliyoruhusiwa kuuza bila breki ingefaulu humo. Kompyuta haikuiona robo ile ya mwisho, lakini yeye aliiona, na kila alichokiona alikiingiza kwenye kanuni kwa mkono wake. Bei za miezi tisa zilipita kichwani mwake zikaingia kwenye roboti. Tulipozitenganisha biashara 180, pipu 1,210 kati ya 2,300, zaidi ya nusu ya faida, zilitoka kwenye mauzo ya Aprili hadi Septemba 2022. Miaka mitatu ya ushahidi ilikuwa kwa kweli miezi sita, na miezi hiyo sita ilikuwa tukio moja.

Hili si jambo la wanafunzi peke yao. Mwaka 2014 watafiti wanne, Bailey, Borwein, López de Prado na Zhu, walichapisha katika jarida la chama cha wanahisabati wa Marekani hesabu ya kushtua kwa udogo wake. Mtu mwenye data ya miaka mitano akijaribu mipangilio huru zaidi ya 45, ni karibu hakika atapata mmoja unaoonekana mzuri, wenye kipimo cha Sharpe cha 1 kwa mwaka, hata kama ujuzi wake ni sifuri. Arobaini na tano tu. Miaka miwili baadaye watafiti wa Quantopian, kampuni ya Boston iliyowaruhusu watu kuandika na kujaribu roboti za hisa, walichukua roboti 888 ambazo zilikuwa na angalau miezi sita ya bei zilizokuja baada ya kuandikwa. Walilinganisha uzuri wa jaribio na matokeo ya baadaye. Kwa kipimo cha Sharpe, uzuri wa jaribio ulieleza chini ya asilimia 2.5 ya tofauti za matokeo. Na waligundua kitu ambacho mwanafunzi wangu alikisoma mara mbili: kadiri mwandishi alivyoijaribu roboti yake mara nyingi zaidi, ndivyo pengo kati ya jaribio na hali halisi lilivyokuwa kubwa zaidi.

Turudi kwenye fedha zake. Aliwasha roboti Aprili 2023 na kuizima mwisho wa Agosti. Kwa kuwa mstari ulimpa imani, aliongeza loti kutoka 0.05 hadi 0.10, hivyo kila pipu ikawa dola moja na kila hasara dola 30, asilimia 6 ya mtaji wake wa mwanzo. Biashara zilikuwa 24, sawa na mwendo wa jaribio. Kama asilimia 39 ya ushindi katika jaribio ingekuwa kweli, angeshinda 9. Alishinda 4. Pipu 320 za ushindi, pipu 600 za hasara, na juu yake pipu 41 za ziada zilizotokana na vikomo kufungwa mbali na pale vilipowekwa. Jumla dola 321.

Zile pipu 41 zina hadithi yake fupi. Dirisha lililochaguliwa na kompyuta lilianza saa 0 ya seva ya dalali, ambayo miezi ile ilikuwa saa sita usiku hapa kwetu na saa kumi na moja jioni New York. Huo ndio wakati siku ya biashara ya fedha za kigeni inapofungwa na nyingine kufunguliwa. Benki nyingi hupumzika, wanaotoa bei hupungua, na spredi ya euro kwa dola, ambayo mchana huwa pipu moja hivi au pungufu, kwenye akaunti yake ilipanuka kwa dakika kadhaa hadi pipu 5, hata 8. Katika faili ya bei aliyotumia kwenye jaribio, spredi ilikuwa moja, ile ile, saa zote. Kwa hiyo saa sita usiku ilionekana wakati mtamu kuliko wakati wowote: bei hurukaruka kidogo na hakuna anayekutoza zaidi. Utafutaji wa michanganyiko 12,000 hutafuta ujuzi na hutafuta makosa ya data kwa bidii ile ile, na kosa la data hupatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa halibadiliki siku hadi siku.

Lakini spredi haikuwa sababu kuu. Sababu kuu ni kwamba mwaka 2023 euro haikwenda popote kwa muda mrefu. Aprili hadi Agosti ilitembea kati ya dola 1.06 na 1.13, ikipanda wiki chache na kushuka wiki chache. Roboti iliyojifunza kutokana na miaka ya safari ndefu iliwekwa kwenye soko la kwenda na kurudi. Kila mvuko wa wastani ulikuja ukiwa umechelewa, roboti ikanunua karibu na kilele, ikauza karibu na bonde.

Alinitazama akasema, "Basi mwalimu, ni soko lililobadilika. Roboti haikuwa na kosa." Maneno haya nimeyasikia kwa watu wengi, na yanastahili jibu la kina kwa sababu yana nusu ya ukweli. Soko lilibadilika, ndiyo. Ila roboti ambayo faida yake inatoka kwenye tukio moja haikuwahi kuonyesha kwamba inajua kitu kuhusu soko lolote. Na kwa upande wa pili, hizo biashara 24 peke yake hazithibitishi kwamba roboti ni bure. Roboti isiyo na ujuzi ingetarajiwa kushinda 6 au 7. Kushinda 4 ni jambo la kawaida kwake. Roboti yenye ujuzi wa asilimia 39 ingeshinda 4 au pungufu mara chache sana, lakini si kamwe. Ili kuzitofautisha roboti hizo mbili kwa uhakika wa kuridhisha, unahitaji biashara kama 100. Kwa mwendo wa biashara 60 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kulipa ada ya kujua. Soko ni mwalimu ghali na wa polepole. Kila kinachoweza kujulikana kabla ya kuweka fedha kijulikane wakati huo.

Na kilikuwepo cha kujua. Kwanza tuliwatazama majirani. Kama wazo ni la kweli, kuligusa kidogo hakupaswi kuliua. Mtu anayejua njia hapotei kwa sababu ameanza hatua mbili kulia. Kwenye mpangilio wake wa 35 na 140 faida ilikuwa dola 1,150. Tulipoweka 30 na 140, faida ilishuka hadi dola 260. Kwa 40 na 140, hasara ya dola 90. Kwa 35 na 160, faida ya dola 45. Tulipohamisha dirisha kutoka saa 0 hadi saa 4, hasara. Ulikuwa mnazi mmoja katikati ya jangwa. Jedwali lote hili lilikuwa kwenye kompyuta yake tangu Februari, chini ya ule mstari wa kwanza, ila alisoma wa kwanza tu. Naongeza tahadhari moja: majirani wazuri si uthibitisho. Katika mwaka kama 2022, kila kinachofuata mwelekeo hung'ara pamoja na ndugu zake wote, na utaona uwanda mpana wa faida ambao ni tukio lile lile limevaa nguo tofauti. Majirani wabaya wanatosha kukataa. Majirani wazuri hawatoshi kukubali.

Kisha nilimwonyesha jaribio ninalolithamini kuliko mengine. Unachukua bei za miaka mitatu, unatoa mabadiliko ya kila siku saa kwa saa, unazichanganya siku hizo kama karata, halafu unaziunganisha upya kuwa chati. Chati hiyo ina siku zile zile, kubwa na ndogo, ila mpangilio wake hauna maana tena. Hakuna mwelekeo wa siku hadi siku wa kufuata. Juu ya chati hiyo unaendesha utafutaji wako wote kama ulivyokuwa, michanganyiko yote 12,000, na kuandika faida ya ule ulio bora. Unarudia kwa chati mia moja zilizochanganywa. Hapo unapata kipimo cha haki cha kulinganisha: bora wako kwa bora wa bahati, kila mmoja akiwa amepewa nafasi sawa ya kutafuta. Halihitaji kukisia majaribio huru ni mangapi, kwa kuwa undugu wa mipangilio unabaki vile vile. Kwenye kompyuta yake ilichukua siku nne kufanya chati 40. Katika chati 11 kati ya hizo 40, bora wa bahati alipita dola 1,150.

Zaidi ya robo ya chati zisizo na maana zilimpa mstari mzuri kuliko ule aliouwekea fedha za kaka yake. Na hiyo ni kwa utafutaji wa usiku mmoja, bila kuhesabu ile mizunguko 13 iliyotangulia.

Aliporudi na matokeo hayo, lilibaki jambo moja. Katika kazi yake yote hakuwahi kupakua bei za 2017, 2018 na 2019. Hakuzitazama kwenye chati, hakujua euro ilienda wapi miaka hiyo. Alikuwa bado sekondari. Data safi haihitaji kuwa ya baadaye. Inahitaji kuwa haijawahi kumgusa aliyetunga kanuni. Nilimpa karatasi nikamwambia aandike, kabla hatujabonyeza chochote, ni matokeo gani yatamfanya aiache roboti hii. Aliandika kwa kalamu: ushindi chini ya asilimia 34, naiacha. Akaweka tarehe.

Tulipakua bei hizo zikiwa na spredi halisi ya kila saa, tukaweka 35, 140, 30, 80, saa 0, bila kutafuta chochote, tukaendesha mara moja. Biashara 171. Ushindi 47. Ni asilimia 27.5, pale pale ambapo anayerusha shilingi husimama. Mara 47 kwa pipu 80 ni 3,760. Mara 124 kwa pipu 30 ni 3,720. Miaka mitatu, pipu 40.

Alikaa akiitazama karatasi yake. Nje watu walikuwa wanatoka swala ya alasiri. Baada ya muda mkono wake ukarudi kwenye kipanya, mshale ukasogea hadi kwenye kisanduku cha saa ya kuanza, na akasema taratibu, "Mwalimu, tukiitoa saa sita usiku tu, tukaipeleka asubuhi London inapofungua..."

Nilimwambia kwamba anaweza kufanya hivyo, na kwamba akibonyeza, 2017 hadi 2019 itakuwa mzunguko wa kumi na tano.

Aliondoa mkono kwenye kipanya.